Kujibu Barua Iliyochelewa: Radhi kwa Mstari Mmoja, Kisha Jambo Lenyewe

Barua nyingi zinazotoka katika ofisi za wadi na za kaunti ndogo kwenda kwa wakazi huwa na tarehe ya mwisho ya kujibu. Mara nyingi wiki mbili hutolewa. Kikundi kikikosa tarehe hiyo, mambo mawili hutokea. Wengine hunyamaza kabisa kwa sababu ya haya, wakidhani kwamba barua iliyochelewa ni bora isiandikwe. Wengine huandika, lakini ukurasa mzima hujaa maelezo ya kwa nini walichelewa, na lile lililoulizwa likabaki bila jibu.

Njia zote mbili huwagharimu wakazi. Anayenyamaza huondolewa kwenye orodha bila kujua. Anayeandika visingizio hulazimika kuandikiwa tena na kuulizwa yaleyale, na wiki nyingine mbili zikapotea. Somo hili linaonyesha jinsi ya kuandika jibu lililochelewa ambalo afisa anaweza kulifanyia kazi siku anayolipokea.

MFANO WA KIKUNDI NA TANGI LA MAJI

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Kikundi cha akina mama kiliomba tangi la maji la lita 10,000. Tarehe 3 Machi 2025 msimamizi wa wadi alikiandikia barua akauliza mambo matatu: tangi litawekwa wapi na kama mwenye shamba ameridhia, kama msingi wa kulikalishia tangi umejengwa, na ni nani watatu watakaotia sahihi kwa niaba ya kikundi. Majibu yalitakiwa kufikia tarehe 17 Machi. Kikundi kilijibu tarehe 5 Mei, wiki 7 baada ya siku ya mwisho.

Barua ya kwanza ambayo katibu aliandika, kabla haijapelekwa, ilikuwa hivi:

"Kwa heshima na taadhima, tunatumaini u mzima wa afya pamoja na wafanyakazi wote wa ofisi. Sisi pia hatujambo ila tu hali ya maisha. Tunaomba utuwie radhi sana sana kwa kuchelewa kujibu barua yako. Si kwamba tuliipuuza. Kwanza mwenyekiti wetu alifiwa na tukawa matangani wiki nzima. Halafu katibu akaugua. Mvua nayo iliharibu barabara na pikipiki hazikuwa zikipita. Simu ya mweka hazina ikaharibika na nambari zote zilikuwa humo. Pia mwenye shamba alikuwa Mombasa na hatukuweza kumpata. Tunajua tumekosa na tunaomba msituhukumu vibaya kwa sababu sisi ni akina mama tunaojitahidi. Tena tunaomba radhi kwa usumbufu wowote. Kuhusu mambo mliyotuuliza, tuko tayari wakati wowote. Mungu awabariki."

Barua hii ina sentensi 13. Ni moja tu inayogusa yale yaliyoulizwa, nayo haijibu hata swali moja. Afisa akimaliza kuisoma anajua kwamba kulikuwa na matanga, ugonjwa, mvua na simu iliyoharibika, lakini bado hajui tangi litakaa wapi.

Huenda kila neno lililoandikwa humo ni la kweli. Hata hivyo, sababu zikiwa nyingi humfanya msomaji aanze kuzipima badala ya kufanya kazi yake. Matanga yalichukua wiki moja. Je, wiki sita zilizobaki? Katibu aliugua, je, kikundi hakina naibu wa katibu? Nambari zote zilikuwa kwenye simu moja; je, kumbukumbu za fedha zimewekwa wapi? Kikundi kilitaka kuonekana kwamba hakikupuuza, lakini kimezua shaka ambayo haikuwepo, yaani kama kitaweza kulitunza tangi.

Tena, ombi la kutohukumiwa vibaya linampa afisa kazi ya kuwafariji waliomwandikia. Akiwa na barua za vikundi vingine mezani, hiyo ni kazi ambayo hatakuwa na nafasi nayo.

SENTENSI MBILI ZA KUFUNGUA

Jibu lililochelewa linahitaji mwanzo mfupi wenye mambo matatu: ni barua gani inayojibiwa, imechelewa kwa muda gani, na neno la kuomba radhi. Yote yanaingia katika sentensi mbili:

"Barua yako ya tarehe 3 Machi 2025 ilitutaka tujibu kufikia tarehe 17 Machi. Tumechelewa kwa wiki 7, na tunaomba radhi."

Tarehe ya barua inamsaidia afisa kulipata faili. Baada ya wiki 7 hakumbuki tena alichoandika, na huenda aliyeandika amehamishwa na mwingine ameshika kiti chake. Kama barua ya ofisi ilikuwa na nambari ya kumbukumbu, nayo iandikwe juu kabisa kama ilivyo.

Kutaja muda wa kuchelewa kwa hesabu kamili kuna uzito kuliko kusema "tumechelewa sana". Anayetaja wiki 7 ameonyesha kwamba anajua ukubwa wa kosa na hamfichi msomaji. Neno "sana" likirudiwa mara mbili au tatu halimwambii afisa chochote kipya.

Radhi iombwe mara moja tu. Ikirudiwa katikati na mwishoni, inamrudisha msomaji kwenye kosa wakati ambapo anatakiwa kuangalia majibu. Sentensi ya mwisho ya barua ndiyo inayobaki kichwani, na nafasi hiyo iachiwe jambo ambalo afisa anaombwa kulifanya.

Salamu za heshima hazikatazwi. Neno "Bwana" au "Bibi" mwanzoni na "Wako mwaminifu" mwishoni yanatosha katika barua ya ofisi. Habari za afya na hali ya maisha ni za kuulizana watu wanapokutana.

MANENO YANAYOFAA NA YASIYOFAA

Katika mazungumzo watu wengi husema "pole kwa kuchelewa". Neno "pole" humpa mtu faraja kwa yaliyompata, kama vile mtu anayeugua au aliyefiwa. Halikiri kwamba anayesema ndiye aliyekosa. Katika barua, maneno yanayokiri ni "samahani" na "tunaomba radhi". La kwanza linafaa kwa ujumbe wa simu na kwa watu wanaofahamiana. La pili linafaa zaidi kwa barua rasmi.

Kitenzi nacho kina kazi yake. "Tumechelewa kujibu" ni kauli ya mtu anayelibeba jambo lake. "Majibu yalicheleweshwa" humfanya msomaji aulize yalicheleweshwa na nani. "Kama tulichelewa, tunaomba radhi" ni mbaya zaidi, kwa kuwa tarehe mbili ziko wazi na hakuna "kama" hapo.

Maneno mengine yamezoeleka ofisini hadi yamepoteza maana. "Kutokana na sababu zisizoweza kuepukika" husikika kama mlango uliofungwa: mwandishi anataja kwamba ana sababu, kisha anakataa kuisema. "Changamoto mbalimbali" na "usumbufu wowote uliojitokeza" ni ya aina hiyohiyo. Ikiwa sababu haihitajiki, iachwe kabisa. Ikiwa inahitajika, itajwe kwa jina lake.

SABABU IPI ITAJWE, NA WAPI

Si kila sababu ni kisingizio. Kuna njia rahisi ya kuzitenganisha. Mwandishi aifunike sentensi yenye sababu kwa kidole, kisha ajiulize: msomaji akiikosa, ataamua tofauti? Kama hapana, sentensi hiyo ifutwe. Kama ndiyo, ibaki, lakini itolewe kwenye sehemu ya radhi na kupelekwa kwenye majibu.

Tuchukue sababu tano za barua ya kwanza. Matanga, mvua na simu iliyoharibika yamekwisha, na hayabadilishi lolote kuhusu tangi. Yanafutwa. Ugonjwa wa katibu nao unafutwa, isipokuwa kama bado ni mgonjwa na afisa anahitaji kujua atampigia nani. Hapo jambo la kuandika si ugonjwa, bali jina na simu ya anayeshika nafasi yake.

Sababu ya tano ni tofauti. Mwenye shamba alikuwa Mombasa, na kwa hiyo ridhaa yake haikupatikana hadi tarehe 28 Aprili. Jambo hili linamhusu afisa moja kwa moja, maana lilikuwa sehemu ya swali lake la kwanza. Katika barua ya kwanza lilizikwa kati ya mvua na kuomba kutohukumiwa. Mahali pake ni kwenye jibu la swali la kwanza, nalo liandikwe kama habari njema: ridhaa imepatikana, tarehe fulani, nakala hii hapa.

Kwa msiba mzito au kulazwa hospitalini, jamii zetu huona ni utovu wa adabu kutolitaja jambo hilo kabisa. Katika hali hiyo maneno machache ndani ya sentensi ya radhi yanatosha: "Tumechelewa kwa wiki 7 kufuatia msiba wa mwenyekiti, na tunaomba radhi." Afisa atatoa pole zake kwa simu au watakapokutana.

BARUA ILIYOSAHIHISHWA

Baada ya marekebisho, barua ya kikundi ilikuwa hivi:

"5 Mei 2025

Kwa Msimamizi wa Wadi

KUH: TANGI LA MAJI LA LITA 10,000 – MAJIBU YA BARUA YAKO YA TAREHE 3 MACHI 2025

Bwana,

Barua yako ya tarehe 3 Machi 2025 ilitutaka tujibu kufikia tarehe 17 Machi. Tumechelewa kwa wiki 7, na tunaomba radhi. Majibu ya maswali yako matatu ni haya:

1. Mahali. Tangi litawekwa kwenye shamba la mmoja wa wanachama, mita 40 kutoka barabarani, mahali ambapo lori linaweza kufika. Mwenye shamba alitia sahihi barua ya ridhaa tarehe 28 Aprili. Nakala imeambatishwa.

2. Msingi. Msingi wa mawe na saruji wenye upana wa mita 3 kwa mita 3 umejengwa. Sehemu ya juu bado haijasawazishwa. Kazi hiyo itamalizika Jumamosi tarehe 10 Mei.

3. Watia sahihi. Majina matatu na nakala za vitambulisho vimeambatishwa. Mweka hazina si yule aliyekuwa kwenye maombi yetu ya kwanza, kwa kuwa amehama. Kumbukumbu za mkutano wa tarehe 9 Aprili uliomchagua mwingine zimeambatishwa.

Ikiwa tangi lingali linapatikana, msingi unaweza kukaguliwa kuanzia Jumatatu tarehe 12 Mei. Ikiwa limeshapewa kikundi kingine, tunaomba kujulishwa kama maombi yetu yatabaki kwa awamu ijayo au kama tutume mapya. Nambari ya simu ya katibu iko hapa chini.

Wako mwaminifu,
Katibu"

Barua hii si fupi kuliko ile ya kwanza. Tofauti ni kwamba nafasi iliyochukuliwa na visingizio sasa imechukuliwa na majibu. Kuna mambo manne ndani yake ambayo jibu lolote lililochelewa linahitaji.

La kwanza ni mpangilio. Majibu yanafuata nambari na utaratibu wa maswali. Afisa anaweza kuiweka barua hii kando ya ile yake ya Machi na kutia alama swali baada ya swali.

La pili ni kwamba majibu ni ya leo, si ya siku barua ilipofika. Katika wiki 7 mambo hubadilika. Kama kikundi kingejibu kwa haraka kwa kunakili majina yaliyokuwa kwenye maombi ya kwanza, jina la mweka hazina aliyehama lingeingia kwenye karatasi za serikali, na tatizo lingejitokeza siku ya kutia sahihi. Kabla ya kuandika jibu lililochelewa, kila jambo likaguliwe upya, na lililobadilika litajwe wazi pamoja na ushahidi wake. Ndiyo maana kumbukumbu za mkutano zimeambatishwa.

La tatu ni kusema lisilokamilika. Anayejibu kwa kuchelewa hushawishika kuonyesha kwamba kila kitu kiko tayari, ili afidie muda uliopotea. Lakini maji ya lita 10,000 yana uzito wa kilo 10,000, yaani tani 10. Tangi la plastiki likikalishwa juu ya msingi wenye mawe yaliyochomoza au ulioinama upande mmoja, linaweza kupasuka chini likijazwa. Afisa akiambiwa kwamba msingi uko tayari, akatuma lori, na fundi akakuta haujasawazishwa, lori litarudi na tangi. Hapo kikundi kitakuwa kimechelewesha jambo mara mbili. Sentensi "bado haijasawazishwa" ikifuatwa na tarehe ya kumaliza inalinda imani iliyobaki. Tarehe hiyo iwe ile ambayo kikundi kina hakika nayo, hata kama ni ya mbali kidogo.

La nne ni kukubali kwamba nafasi huenda imepotea. Baada ya wiki 7 inawezekana tangi limekwenda kwingine. Barua ya kwanza haikugusa jambo hilo. Ya pili inalitaja bila kulalamika na inampa afisa njia mbili za kujibu, kila moja ikiwa na hatua inayofuata. Hata akijibu kwamba tangi limekwenda, kikundi kitajua la kufanya.

KWENYE SIMU

Siku hizi mambo mengi ya vikundi hupitia ujumbe wa simu. Utaratibu ni uleule, ila kwa kifupi. Afisa wa kilimo ameuliza kwa ujumbe ni wanachama wangapi watahudhuria mafunzo, na siku 9 zimepita. Jibu linaweza kuwa hivi: "Samahani kwa kuchelewa siku 9, Bwana afisa. Wanachama 14 watahudhuria mafunzo ya Alhamisi. Wawili wanatumia viti vya magurudumu. Je, ukumbi una mlango usio na ngazi?"

Kosa la kawaida kwenye simu ni kutuma radhi peke yake kwanza: "Samahani sana, nilikuwa na shughuli, nitakujibu." Ujumbe huo unampa afisa matumaini, kisha anaanza kusubiri upya. Ikiwa majibu hayajakamilika, atumiwe yaliyopo pamoja na siku ya kupata yaliyobaki: "Waliothibitisha hadi sasa ni 11. Idadi kamili nitakutumia kesho kabla ya saa sita mchana."

Kosa la pili ni kuuanzisha mjadala upya kana kwamba hakukuwa na pengo lolote. Mtu anayejibu "Ni 14" baada ya siku 9, bila kutaja swali, anamwacha msomaji akitafuta ni 14 ya nini. Swali litajwe tena kwa maneno machache.

RADHI ISIPOTOSHA

Kuna mahali ambapo tarehe ya mwisho imewekwa na sheria, na hakuna maneno yatakayoisogeza. Kwa zabuni za serikali, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaagiza kwamba zabuni iliyofika baada ya muda kufungwa irudishwe bila kufunguliwa. Kikundi cha vijana, akina mama au watu wenye ulemavu kilichochelewa kuwasilisha zabuni hakitasaidiwa na barua ya radhi, hata kama kimechelewa kwa dakika chache. Nguvu zao zielekezwe kwenye tangazo lijalo.

Vivyo hivyo, karatasi za mahakama zina utaratibu wake wa kuomba kuongezewa muda, na mkazi aliyechelewa kujibu wito apeleke jambo hilo kwa wakili au kwenye sajili ya mahakama haraka, badala ya kuandika barua ya kawaida.

Kwa barua za kawaida za ofisi, kama ile ya tangi, tarehe mara nyingi huwekwa ili kazi isonge. Hizo ndizo ambazo jibu lililochelewa linaweza bado kuokoa jambo.

OFISI IKICHELEWA KUMJIBU MKAZI

Somo hili ni la pande zote mbili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka mamlaka za kaunti kujibu kwa haraka maombi na malalamishi ya wananchi. Na mkazi anapoomba habari kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ofisi ina siku 21 za kuamua. Muda huo unaweza kuongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14, kwa mfano pale habari zilizoombwa ni nyingi mno au ni lazima ofisi nyingine zishauriwe. Ikiwa habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu, zinatakiwa kutolewa ndani ya saa 48.

Siku hizo zikipita kimya, sheria hulihesabu ombi kuwa limekataliwa. Maana yake ni kwamba mkazi hana haja ya kusubiri barua ya kukataliwa. Anaweza kulipeleka jambo lake kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsmani. Akiwa na nakala ya ombi lake yenye muhuri na tarehe, hesabu ya siku itakuwa wazi.

Jibu la ofisi lililochelewa linapaswa kuwa na sura ileile. Mkazi aliyeomba kujua kiasi cha fedha kilichotengewa barabara ya kijiji chake hahitaji kuelezwa kwamba ofisi ina upungufu wa wafanyakazi. Anahitaji sentensi kama hizi: "Ombi lako lilipokewa tarehe 10 Februari na lilipaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Tumechelewa, na tunaomba radhi. Kiasi kilichotengwa ni hiki, na nakala ya ukurasa wa bajeti imeambatishwa." Kama sehemu ya jibu haipo katika ofisi hiyo, aelezwe iko ofisi gani na kama ombi lake limekwisha kupelekwa huko.

Mkazi anayepokea barua kama hiyo akague jambo moja: je, baada ya sentensi ya radhi, kila swali lake limejibiwa? Radhi nzuri yenye majibu nusu bado ni nusu ya jibu, na ana haki ya kuandika tena akitaja swali lililobaki.

KUIPELEKA BARUA

Tarehe iliyo juu ya barua iwe ile ya siku inapoandikwa. Baadhi ya watu huandika tarehe ya zamani ili ionekane kwamba barua ilikawia njiani. Ofisi hupiga muhuri wa kupokea wenye tarehe, na tofauti kati ya hizo mbili huonekana mara moja. Kuchelewa wiki 7 kunasameheka. Tarehe ya uongo hubaki kwenye faili la kikundi.

Nakala mbili zipelekwe. Moja inabaki ofisini na nyingine inapigwa muhuri na kurudishwa kwa katibu. Viambatisho viorodheshwe chini ya barua kwa nambari, ili ikipotea karatasi moja ijulikane ni ipi. Katika mfano wa tangi, viambatisho ni vitatu: barua ya ridhaa ya mwenye shamba, majina ya watia sahihi na nakala za vitambulisho vyao, na kumbukumbu za mkutano wa tarehe 9 Aprili.

Mwisho, katibu aandike kwenye kalenda zile tarehe mbili alizozitaja mwenyewe, yaani 10 Mei na 12 Mei. Msingi ukikamilika tarehe 10 kama ilivyoahidiwa, ujumbe mfupi wa simu utoke siku hiyohiyo: "Msingi umesawazishwa leo. Uko tayari kukaguliwa." Ikiwa saruji imekosekana na kazi haikumalizika, ujumbe utoke vilevile siku hiyo ukiwa na tarehe mpya, ili kikundi kisije kikaandika barua nyingine ya kuomba radhi.